Herufi 94 Ndani ya Kibandiko cha Malipo

Ukiingia dukani, kwenye mgahawa au hata kwenye meza ya muuza matunda, siku hizi utakuta kibandiko chenye mraba wa vidoa vyeusi na vyeupe. Mteja anaelekeza simu, simu inasoma, jina la mfanyabiashara linatokea, anaingiza kiasi na namba ya siri, na malipo yanakwenda. Watu wengi hudhani kwamba ndani ya mraba ule mmefichwa siri fulani, au kwamba simu huona picha kisha ikaenda kuuliza benki picha ile ni ya nani. Sivyo. Ndani ya vidoa vile kuna mstari mmoja wa maandishi ya kawaida kabisa, ambayo hata mimi na wewe tunaweza kuyasoma tukishajua yamepangwaje.

Msimbo wa QR wenyewe ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani. Hauna habari na fedha. Unabeba maandishi tu, yawe anwani ya tovuti, namba ya simu au salamu za Idi. Ndiyo maana ulipoanza kutumika kwa malipo, kila kampuni iliandika ndani yake kwa mtindo wake, na mfanyabiashara akajikuta na vibandiko vitano ukutani, kila kimoja na mtandao wake. Mwaka 2017 EMVCo, chombo cha pamoja cha kampuni za kadi duniani, kilitoa utaratibu mmoja wa kuandika maandishi ya msimbo unaoonyeshwa na mfanyabiashara. Nchi nyingi zimejenga viwango vyake juu ya utaratibu huo. Tanzania ina TANQR ya Benki Kuu, na Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kiwango chake mwaka 2023.

Tuchukue mgahawa wa kubuni ulioko Tanga, tuuite Mgahawa Bahari. Namba yake ya mfanyabiashara na jina la mtandao wake nimevitunga, lakini mpangilio na hesabu zote ni zile zile zinazotumika kwenye misimbo halisi. Maandishi yaliyomo kwenye kibandiko chake ni haya. Kwa kweli ni mstari mmoja, nimeukata mara mbili ili uenee kwenye ukurasa:

```
00020101021126220008tz.mfano0106204517520458125303834
5802TZ5914MGAHAWA BAHARI6005TANGA63049CA8
```

Ni herufi 94 kwa jumla, nikihesabu tarakimu, nukta na nafasi kuwa herufi pia. Jicho linaona TZ, linaona jina la mgahawa na mji wa Tanga, lakini yaliyobaki ni msitu wa tarakimu. Hakuna mkato wala kistari cha kutenganisha jambo moja na jingine. Simu inajuaje wapi namba ya mfanyabiashara inaishia na wapi sarafu inaanzia?

Jibu ni kuhesabu. Mstari wote umegawanywa katika mafungu, na kila fungu linaandikwa kwa hatua tatu zisizobadilika. Kwanza tarakimu mbili za lebo, zinazotaja hili ni fungu la nini. Kisha tarakimu mbili za urefu, zinazotaja kilichomo kina herufi ngapi. Halafu kilichomo chenyewe. Kikiisha, herufi inayofuata ni mwanzo wa lebo ya fungu jingine. Tuusome mstari wetu kwa kanuni hiyo, fungu moja kwa kila mstari, nikiachanisha lebo, urefu na kilichomo:

```
00 02 01
01 02 11
26 22 0008tz.mfano0106204517
52 04 5812
53 03 834
58 02 TZ
59 14 MGAHAWA BAHARI
60 05 TANGA
63 04 9CA8
```

Sasa msitu umefunguka. Lebo 00 ndiyo lazima itangulie, na kilichomo ni toleo la utaratibu, yaani 01. Hii ndiyo sababu misimbo yote ya namna hii huanza na 000201, na ndiyo njia ya haraka ya kuitambua. Lebo 01 inasema msimbo ni wa aina gani. Namba 11 ni msimbo wa kudumu, uliochapwa mara moja ukabandikwa ukutani kwa wateja wote. Namba 12 ni msimbo wa muamala mmoja, kama ule unaotokea kwenye kioo cha mashine ya kaunta baada ya bili kupigwa.

Nikiruka lebo 26 kwa sasa, lebo 52 ni aina ya biashara kwa orodha ya kimataifa, na 5812 ni migahawa. Lebo 53 ni sarafu, kwa namba na si kwa jina: 834 ni shilingi ya Tanzania, 404 ni ya Kenya, 800 ni ya Uganda. Lebo 58 ni nchi, 59 ni jina la biashara, 60 ni mji.

Huenda umegundua kwamba hakuna kiasi cha fedha. Kwenye msimbo wa kudumu, mteja ndiye anayeingiza kiasi mwenyewe. Mgahawa ukitoa msimbo wa muamala mmoja wa shilingi 12,500, ile 11 itageuka 12 na kutaongezwa fungu la lebo 54, litakaloandikwa `540512500`. Ukiliona kwa mara ya kwanza utadhani ni namba moja ndefu. Lakini ni lebo 54, urefu 05, na kilichomo 12500.

Turudi kwenye lebo 26, kwa kuwa ndimo fedha zinamoelekezwa. Lebo kuanzia 02 hadi 51 zimetengwa kwa akaunti za mfanyabiashara. Zile za mwanzo ni za kampuni kubwa za kadi, na 26 hadi 51 ni za mitandao mingine, ikiwemo ya kitaifa. Fungu la 26 lina urefu wa 22, lakini ukitazama herufi hizo 22 utaona kwamba zenyewe ni mafungu, yamepangwa kwa kanuni ile ile:

```
00 08 tz.mfano
01 06 204517
```

Fungu dogo la 00 linataja mtandao unaohusika, na fungu dogo la 01, katika mfano wetu, ni namba ya mfanyabiashara ndani ya mtandao huo. Hapa ndipo mpango huu ulipoondoa vibandiko vitano ukutani. Mgahawa ukijiunga na mtandao wa pili, kinachoongezwa ni fungu la 27 lenye jina la mtandao huo na namba yake. Aplikesheni ya simu ikisoma, inatafuta fungu la mtandao inaoufahamu. Lile isilolifahamu inalitazama urefu, inahesabu herufi zake, inaliruka na kuendelea na safari. Bila urefu ulioandikwa, aplikesheni ya zamani ingekwama kwenye fungu jipya. Kwa urefu, haihitaji kulielewa ili kulipita.

Nguvu hiyo ina gharama yake. Urefu ukikosewa kwa herufi moja tu, kila kinachofuata kinahama. Tuseme mwenye mgahawa amebadili jina kuwa Mgahawa Baharini, na aliyetengeneza msimbo akabadili maandishi ya jina akasahau ile 14. Jina jipya lina herufi 16. Simu itasoma lebo 59, itaona 14, itahesabu herufi 14 na kupata MGAHAWA BAHARI, kisha itaamini kwamba fungu limekwisha. Herufi mbili zinazofuata ni NI, nazo zitachukuliwa kuwa lebo. Zinazofuata ni 60, ambayo kwa kweli ni lebo ya mji, lakini simu itaisoma kuwa urefu. Itajaribu kuhesabu herufi 60 mbele wakati zilizobaki ni 15 tu. Hapo aplikesheni iliyoandikwa vizuri inasimama na kumwambia mteja kwamba msimbo si sahihi. Iliyoandikwa ovyo inaweza kuzima ghafla.

Kwa kuwa urefu ni tarakimu mbili, hakuna fungu linaloweza kuzidi herufi 99. Baadhi yana ukomo mdogo zaidi: jina la biashara lisizidi herufi 25, mji usizidi 15. Ndiyo maana mteja huona majina yaliyokatika njiani. Mgahawa wa Vyakula vya Bahari ukiandikwa bila kufikiriwa utatokea kwenye simu kuwa MGAHAWA WA VYAKULA VYA BA. Mfanyabiashara anayesajili msimbo afadhali achague mwenyewe jina fupi linalosomeka, asiachie mashine impunguzie.

Kuna mtego mwingine unaowahusu sana waandishi wa Kiswahili. Chukua bucha inayoitwa Nyama ya Ng'ombe. Simu nyingi, ukiandika ile alama ya king'ong'o, huigeuza kuwa alama iliyopinda, kama koma iliyoning'inia juu. Kwa macho ni kitu kile kile. Ndani ya kompyuta, ile iliyonyooka huhifadhiwa kwa baiti moja, na iliyopinda, katika mfumo wa kawaida wa kuhifadhi maandishi, huchukua baiti tatu. Programu inayohesabu herufi itaandika urefu 16, inayohesabu baiti itaandika 18, na mwisho wake ni ule ule wa Baharini: mmoja ameandika kwa hesabu hii, mwingine anasoma kwa hesabu ile. Fungu la 59 limekusudiwa herufi za kawaida tu. Tumia alama iliyonyooka, au liandike jina bila alama kabisa.

Limebaki fungu la mwisho, lebo 63. Kama 00 inavyolazimika kutangulia, 63 inalazimika kufunga mstari, ilhali mafungu ya katikati yanaweza kupangwa kwa utaratibu wowote. Urefu wake ni 04 daima, na kilichomo ni namba ya uhakiki inayoitwa CRC. Katika mfano wetu ni 9CA8. Zile C na A zimo kwa sababu namba hii huandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16, ambamo baada ya 9 hufuata A, B, C, D, E na F.

Namba hiyo hupatikana kwa kugawanya. Kompyuta huyachukua maandishi yote kama namba moja ndefu mno ya sifuri na moja, na kuigawa kwa kigawanyo maalumu kilichokubaliwa na wote, kwa aina ya ugawanyaji isiyo na kukopa wala kubeba. Jibu lenyewe hutupwa, linalotunzwa ni baki. Waandishi wa programu huijua kanuni hii kwa namba zake mbili: kigawanyo 1021 na mwanzo FFFF, zote kwa msingi wa 16. Baki hilo lina sifuri na moja 16, ambazo hutoshea katika tarakimu nne za msingi wa 16.

Mbona tusijumlishe tu herufi zote? Kwa sababu jumla haijali mpangilio. Tuseme mchapaji amekosea akaandika TAGNA badala ya TANGA. Herufi ni zile zile tano, urefu ni ule ule 05, na jumla yake ni ile ile. Kosa lingepita bila kuonekana. Kwa kugawanya, nafasi ya kila herufi ina uzito wake. Nimefanya hesabu ya mstari wetu wote nikiwa nimebadili hizo herufi mbili tu, na baki limetoka FF86, halina uhusiano wowote na 9CA8. Simu ikisoma msimbo hupiga hesabu yake yenyewe, hulinganisha na tarakimu nne za mwisho, na zisipolingana hukataa. Herufi moja ikibadilika, au mbili zilizopakana zikibadilishana, kanuni hii hugundua kila mara. Maandishi yakiharibika vibaya bila mpango, uwezekano wa kosa kupenya ni mara moja katika 65,536.

Jambo moja katika hesabu hii huwachanganya wengi. CRC huhesabiwa juu ya mstari wote pamoja na zile herufi `6304` za fungu lake lenyewe, yaani lebo na urefu, ila tarakimu zake nne ndizo zisizohesabiwa. Kwa hiyo mwandishi wa programu anaunganisha mafungu yote, anaongeza 6304 mwishoni, anapiga hesabu, ndipo anabandika jibu. Akisahau kuongeza 6304 kabla ya kuhesabu, kila msimbo atakaotoa utakataliwa.

Kosa jingine ni gumu zaidi kulinasa, kwa kuwa halijitokezi kila siku. Baki linaweza kuanza na sifuri, tuseme 07B2. Programu nyingi zikiachiwa zenyewe huandika 7B2 na kuitupa ile sifuri, kama sisi tusivyoandika sifuri mbele ya namba. Fungu limesema urefu ni 04, zimepatikana herufi tatu, msimbo umekufa. Kwa wastani baki moja kati ya 16 huanza na sifuri. Maana yake kampuni inaweza kuwapa vibandiko wafanyabiashara kumi na tano vikafanya kazi vizuri, wa kumi na sita akalalamika, akaambiwa simu ya mteja wake ndiyo mbovu. Ukiwa na wajibu wa kutengeneza misimbo hii, jaribu kwanza kanuni yako kwa maandishi `123456789`. Jibu sahihi ni 29B1. Kisha hakikisha jibu lako daima lina tarakimu nne na herufi kubwa.

Hapa msomaji makini atauliza: je, vile vidoa vya QR havina kinga yake? Vinayo. Msimbo wa QR una uwezo wa kujirekebisha ukichafuka au kuchanika kidogo, kwa viwango vinne, kuanzia takriban asilimia 7 ya uharibifu hadi asilimia 30. Lakini kinga hiyo inalinda picha tu. Hurudisha kwa uaminifu maandishi yaliyotiwa ndani, hata kama yalitiwa yakiwa yamekatika au yamekosewa. Mtu akinakili mstari kutoka kwenye barua pepe, ukapotea mwisho wake, kisha akachapa, picha itasomeka safi kabisa. CRC ndiyo itakayosema kwamba maandishi haya si yale yaliyotoka kwa mtengenezaji.

Nayo CRC ina mipaka, na mpaka mmoja unagusa mfuko wa kila mtu. Kigawanyo hakina siri. Kimechapishwa, kinajulikana, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kukitumia. Tapeli anayetaka kuelekeza fedha kwake hahitaji kuvunja chochote. Anaandika mstari wenye namba yake ya mfanyabiashara, analiacha jina MGAHAWA BAHARI na mji TANGA, anapiga hesabu ya CRC upya, anachapa, anabandika juu ya kibandiko halali. Simu itausoma, urefu wote utakuwa sawa, uhakiki utalingana. CRC inamnasa aliyekosea, haimnasi aliyekusudia. Si sahihi ya benki wala muhuri wa mtu, na nimewasikia watu wenye nia njema wakiwaambia wafanyabiashara kwamba ile "namba ya usalama" ya mwisho inazuia wizi. Haizuii, na kumpa mtu matumaini hayo ni kumwacha wazi.

Ulinzi wa kweli uko upande wa pili, kwenye mtandao wa malipo. Jina lililo kwenye fungu la 59 limeandikwa na aliyetengeneza kibandiko, awe mwaminifu au la. Jina lililosajiliwa dhidi ya namba 204517 liko kwenye kumbukumbu za mtandao, na tapeli hawezi kulibadili kwa printa. Aplikesheni nzuri hutuma namba hiyo kwenye mtandao na kumwonyesha mteja jina lililorudi kutoka huko kabla hajaweka namba ya siri. Inayomwonyesha jina lililo ndani ya msimbo pekee imemwonyesha maneno ya kibandiko tu.

Unaweza kuyaona haya mwenyewe bila kifaa cha ziada. Fungua aplikesheni ya kawaida ya kusoma QR, si ya malipo, uelekeze kwenye kibandiko chochote cha malipo kilichofuata utaratibu huu, na maandishi yatatokea. Tafuta 000201 mwanzoni na 6304 karibu na mwisho, halafu hesabu katikati yake. Wewe mwenye duka, fanya hivyo kwa kibandiko chako leo na uiandike namba yako ya mfanyabiashara mahali, kisha ukisome tena mara kwa mara, hasa asubuhi kabla ya wateja kuanza kuingia. Namba ikiwa imebadilika hata tarakimu moja, kibandue na uwapigie simu waliokupa. Na wewe mteja, muulize mwenye duka jina alilosajiliwa nalo, ulilinganishe na lililo kwenye simu yako kabla ya kugusa namba ya siri.